Daftari linasema yupo, hisabati inasema hayupo

*Shikamoo, mama. Nafundisha darasa la tano mkoani Morogoro. Nina binti wa miaka 11 ambaye darasa la nne alikuwa kati ya kumi bora, sasa hisabati anapata sifuri mbili tatu mfululizo na anachelewa karibu kila siku. Nimeshampa adhabu. Jirani yao kaniambia mama yake alipata kiharusi na huyu mtoto ndiye anayemuuguza, baba hayupo. Nilipomuuliza mwenyewe alikataa kabisa, akasema mama ni mzima. Nifanye nini bila kumharibia nyumbani?*

Marahaba, mwalimu. Kabla hujamwita tena mtoto na kabla hujaenda kwao, kaa na daftari lako la mahudhurio jioni moja. Usihesabu siku alizokosa peke yake. Angalia ni siku zipi, na kila siku aliyochelewa andika pembeni ni kipindi gani kilichompita. Huko ndiko hasara ya mtoto anayeuguza inakojificha, kwa sababu hasara hiyo haisambai sawasawa kwenye ratiba. Inaangukia saa zilezile kila siku.

Nikupe mfano wa binti mmoja wa darasa la tano niliyewahi kumfuatilia, mama yake naye alikuwa amepooza upande wa kulia. Tulichukua wiki 8 za masomo, yaani siku 40. Alikuwa amekosa siku 7, akahudhuria 33. Hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 82, na kwa mwalimu mkuu yeyote huyo si mtoro. Kaya yao ilikuwa kwenye mpango wa TASAF, ambao unataka watoto wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, kwa hiyo hata huko hakuna aliyeshtuka. Kisha tukaangalia kuchelewa. Katika zile siku 33 alizofika, 24 alifika baada ya kipindi cha kwanza. Ratiba ya shule yao iliweka hisabati kipindi cha kwanza, Jumatatu hadi Alhamisi, dakika 40. Katika wiki 8 hivyo ni vipindi 32. Sita vilimpita kwa sababu hakuja kabisa, maana siku sita kati ya zile saba alizokosa zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, siku za kliniki. Ishirini vilimpita kwa kuchelewa. Hisabati aliyoisikia mwanzo hadi mwisho ilikuwa vipindi 6.

Sasa mweke mtoto huyo mbele ya mtihani wa sehemu na desimali, halafu mwalimu wake aandike kwenye ripoti "aongeze bidii". Kiswahili alikuwa anapata vizuri, maarifa ya jamii vizuri, kwa sababu vilifundishwa baada ya saa nne. Ukiona mtoto ameanguka somo moja au mawili tu, na masomo hayo ni ya asubuhi, usiharakishe kusema kichwa chake ni kizito. Angalia saa ya somo.

Kuna kitu kingine cha kutazama kwenye shule yako, na nakuomba usikichukulie vibaya. Shule nyingi anayechelewa hupewa kazi: kufyeka majani, kuokota takataka, kuchota maji ya chooni. Kazi hiyo hufanyika wakati wenzake wako darasani. Binti yule alikuwa anafika amekosa kipindi cha kwanza, kisha adhabu inamla cha pili. Hakuna aliyekuwa ameipiga hesabu hiyo. Hili unaweza kulimaliza wewe na mwalimu wa zamu kesho asubuhi, bila kumweleza mtu yeyote siri ya nyumba ya mtoto.

Ukishaijua picha ya daftari, ndipo zungumza naye. Kukataa kwake hakunishangazi. Watoto hawa wana hofu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba ndugu wakijua hali ilivyo watagawana watoto, mmoja kwa shangazi, mmoja kwa mama mdogo, na mama atabaki peke yake au atapelekwa kijijini. Ya pili ni aibu ya mama: anayemwogesha mzazi wake na kumbadilisha nguo zilizochafuka hawezi kulisema hilo mbele ya meza ya mwalimu, sembuse kwenye ofisi ya walimu. Mvulana ndiyo kabisa. Kwenye nyumba isiyo na binti, mvulana hufanya kazi hizohizo na huzificha kuliko msichana, kwa sababu amefundishwa kwamba si zake.

Kwa hiyo usimuulize "kwa nini unachelewa", maana hilo ni swali la polisi, wala usimuulize "mama anaumwa?", kwa kuwa ameshalijibu. Mkae mahali mnaonekana lakini hamsikiki, chini ya mti au ukingoni mwa uwanja, umwambie: "Nieleze asubuhi yako, tangu unapofumbua macho mpaka unapofika getini." Halafu nyamaza. Mtoto ambaye hataki kusema mama mgonjwa atakuambia bila wasiwasi kwamba anaamka saa kumi, anawasha jiko, anabandika maji, anapika uji, anampa mama. Hapo kwenye "anampa mama" muulize taratibu: unachukua muda gani kumpa uji?

Kwa binti yule jibu la swali hilo ndilo lilifungua kila kitu. Alisema, "Mpaka amalize. Nikimharakisha anapaliwa." Mtu aliyepata kiharusi mara nyingi koo lake huwa zito. Akilishwa haraka, au akiwa amelala, chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na hapo nimonia haiko mbali. Mtoto wa miaka 11 alikuwa amelijua hilo kwa kumtazama mama yake akikohoa mpaka machozi yanamtoka, na hakuna muuguzi aliyekuwa amemfundisha. Kila asubuhi alikuwa anachagua kati ya kengele ya shule na mama kupaliwa. Adhabu ya mwalimu isingeweza kubadilisha uchaguzi huo hata ingekuwa kali namna gani.

Mwisho wa mazungumzo mwambie wazi nani utamwambia na nani hutamwambia, kisha muombe akupeleke kumsalimia mama. Akisita, mpe siku chache. Usimtume jirani, wala usiende na mjumbe siku ya kwanza.

Ukifika, zungumza na mama mwenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona maofisa wakiingia ndani, wanamwangalia mama kitandani, halafu wanamuuliza mtoto au jirani kila kitu kana kwamba mama hayupo. Hata kama kauli yake imeharibika, mara nyingi anasikia na kuelewa. Msalimie, jitambulishe, msifu mtoto wake kwa yale unayoyajua ni ya kweli, kisha mwambie tatizo la hisabati. Kina mama wengi hawajui kabisa. Mtoto anaondoka na sare na anarudi na sare, basi mama anajua amesoma. Ukimwonyesha ile hesabu ya vipindi, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutaka mpango ubadilike, na mtoto ataupokea kwa sababu umetoka kwa mama.

Kisha mpitie saa 24 za nyumba hiyo, kazi moja baada ya nyingine. Kusaidia nyumbani si kosa. Mtoto wetu anachota maji, anaosha vyombo, anambeba mdogo wake, na hayo hayamzuii kusoma. Mimi huweka pembeni kazi za aina tatu: zinazokula saa za darasa, zinazokula usingizi, na zile ambazo mwili wa mtoto au staha yake haiwezi kuzibeba, kama kumnyanyua mtu mzima peke yake au kusimamia dawa bila mtu mzima wa kuhakiki. Kwa yule binti, baada ya kupanga, zilibaki kazi tatu tu za kushughulikia. Nyingine zote tulimwachia.

Ya kwanza ilikuwa ule uji. Kulisha hakuwezi kufupishwa, kwa hiyo ilibidi kuhamishwe mikono. Jirani mmoja, mama mtu mzima anayeuza vitafunwa mbele ya nyumba yake, alikuwa anamaliza kuchoma vitumbua saa mbili na nusu. Tukakubaliana mtoto aandae uji, amkalishe mama wima, ampe dawa zake za presha kama mama mwenyewe anavyozitaja, kisha aondoke. Jirani anaingia saa tatu kasorobo kumlisha. Mama alikubali kula saa moja na ushee baadaye kuliko alivyozoea, na hospitali ilisema hakuna ubaya kwa dawa alizokuwa anatumia. Hili la dawa muulizeni daktari kwanza, kwa sababu zipo za kumezwa na chakula, na mgonjwa mwenye kisukari hawezi kucheleweshewa kula hivihivi. Jirani naye alionyeshwa namna ya kulisha: mgonjwa awe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, uji mzito kiasi na si wa kumiminika kama maji, amalize kumeza ndipo apewe kingine, na asilazwe kwa nusu saa baada ya kula.

Angalia kwamba hatukusema "majirani wasaidie". Sentensi hiyo nimeisikia kwenye vikao vingi na haijawahi kumlisha mgonjwa. Mtu mmoja mwenye jina, kazi moja, saa moja, na wa pili wa kushika nafasi yake akisafiri.

Ya pili ilikuwa usiku. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kabisa hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya kiunoni, kwenye nyonga na visiginoni huanza kuwa nyekundu, kisha inachubuka na kuwa kidonda. Binti alikuwa ameambiwa hivyo wodini siku ya kuruhusiwa, naye akalitii: alikuwa anaamka usiku mara tatu, mara nne. Usingizi huo uliokatika ndio uliomfanya asinzie hata kwenye vile vipindi alivyoviwahi. Lakini mama yake alikuwa amepooza upande mmoja tu. Mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya wilaya alimfundisha kujigeuza mwenyewe: anaushika mkono mlegevu kwa mkono mzima, anapitisha mguu mzima chini ya ule mlegevu, kisha anauvuta mwili wote kwa pamoja. Mwanzoni alishindwa, akalia. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi akaweza kugeuka bila msaada, na mtoto akaanza kulala mpaka alfajiri. Mtaalamu huyohuyo aliwaonyesha kumhamishia kwenye kiti: kiti kiwekwe upande wake mzima, ili autumie mguu wenye nguvu kusimamia, badala ya mtoto kumbeba kifuani. Fundi seremala akatoboa kiti cha zamani katikati, ndoo ikakaa chini yake, safari za chooni zikaisha.

Ninakueleza haya ya kitandani kwa urefu, mwalimu, kwa sababu tunapenda kumtafutia mtoto ushauri nasaha wakati kinachomtesa ni kwamba mama hajafundishwa kujigeuza. Mpeleke mgonjwa kwa mtu wa mazoezi kwanza. Kama hospitali ya wilaya yenu haina, ulizia ya mkoa, na muombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini aandike rufaa na kufuatilia.

Ya tatu ilikuwa kliniki. Mtoto alikuwa anakosa shule ili kumsindikiza mama au kwenda kuchukua dawa. Kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia, daktari anaweza kukubali kutoa dawa za muda mrefu zaidi kwa mara moja, mradi ziwepo na aombwe. Hapa kulikuwa na mjomba anayeendesha bodaboda, ambaye hakuwahi kuombwa kitu mahsusi. Tulipomwambia "Alhamisi ya kwanza ya mwezi ni yako", alikubali palepale. Alikuwa anadhani shida ni pesa, na hana, ndiyo maana alikuwa anakwepa kufika.

Mambo haya matatu yasikupe picha kwamba kila nyumba ina mjomba na muuza vitumbua. Pale ambapo hakuna mtu mzima wa kushika hata saa moja, au unaona mtoto anaachwa na mgonjwa peke yake siku na usiku, au kuna dalili za njaa au unyanyasaji, usibaki na mzigo huo peke yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa aijulishe mamlaka ya serikali za mitaa. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au piga 116, ni bure. Mwambie mama kabla hujaenda, isipokuwa kama kumwambia kunamweka mtoto hatarini. Ukikaa na ofisa, sema waziwazi kwamba unaomba huduma iingie ndani ya nyumba. Usiombe mtoto atolewe.

Maana pendekezo la kwanza la watu wengi ni bweni, au kumhamishia mtoto kwa ndugu mjini. Nimeona yote mawili. Bwenini mtoto anakuwa na kitanda na vipindi vyote, lakini akili haiko pale, na baada ya muda anatoroka usiku kurudi kwa mama. Kwa ndugu mjini wengine wamegeuka kuwa wafanyakazi wa ndani, shule ikaisha kabisa. Njia hizo zinafaa tu ikiwa kwanza mama amepata mtu wa kudumu wa kumwangalia, na mtoto amemwona mtu huyo kwa macho yake akifanya kazi.

Kama kaya ina TASAF, zungumza na mwezeshaji wao mapema. Binti yule na asilimia zake 82 alikuwa siku 2 tu mbali na kushuka chini ya 80. Kaya ambayo mtoto wake anakosa shule kwa kuuguza inaweza kupunguziwa fedha zilezile ambazo zingemlipa mtu wa kumsaidia mgonjwa. Siku anazokosa kwa sababu inayojulikana ziandike kuwa ni ruhusa, na mwalimu mkuu awe na maelezo mafupi kwenye faili, bila habari za mwili wa mama. Hii pia inamlinda mtoto asije akahesabiwa mtoro na jina likafutwa. Na kama kuna mwenzake ambaye ameshaacha shule kwa sababu ya kuuguza, Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali kurejea, si wale waliopata ujauzito peke yao.

Inabaki hisabati, na hii ni kazi yako mwenyewe. Watu wengi huishia kwenye kuwahi: mtoto akianza kufika kwa wakati, wanaona yamekwisha. Lakini kuwahi hakurudishi vipindi 26. Usimpe mtihani wa wiki hii kumpima. Muulize mama aliugua mwezi gani, fungua azimio lako la kazi, uone mlikuwa mnafundisha nini mwezi huo. Anzia hapo, rudi nyuma hatua moja, mpe maswali matano matano mpaka upate mahali anapokosea kwa mara ya kwanza. Kwa binti yule ilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Alikuwa anajumlisha namba za juu na za chini hivyohivyo, nusu na theluthi akapata mbili ya tano. Kila kilichofuata, desimali na asilimia, kilikuwa kimejengwa juu ya kosa hilo.

Mwalimu wake alimpa dakika 20 za mapumziko ya saa nne, siku tatu kwa wiki, pamoja na wenzake wawili waliokuwa dhaifu hapohapo ili asionekane peke yake. Kazi za nyumbani akampunguzia idadi lakini si ugumu: maswali matatu badala ya kumi, yafanyike shuleni kabla ya kuondoka, kwa sababu jioni yake bado ni ya mama. Akaomba pia mtaaluma abadilishe ratiba, hisabati ya siku mbili ihamie baada ya mapumziko. Ilimchukua karibu mihula miwili kurudi alipokuwa. Ukimwona wako anaanza kuuliza maswali ya somo la leo badala ya kunakili tu, jua lile shimo limeanza kujaa, na hapo unaweza kuzipunguza zile dakika 20 hadi siku moja kwa wiki.